Zimebaki dakika ngapi?

Katika mwaka wangu wa kwanza katika kitivo cha lugha nilitoka katika chumba cha mtihani nikiwa na hakika kwamba muda umekwisha, kumbe wenzangu walikuwa bado wana dakika tisa za kuandika. Sikufukuzwa, sikuugua, wala sikukata tamaa. Nilisikia neno moja, «kumi», nikalielewa vibaya. Kwa sababu ya neno hilo nilirudi katika sesyoni ya pili kwa somo nililolipenda kuliko yote, na tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya jinsi saa inavyotangazwa katika oditwari zetu. Nataka kueleza mambo hayo hapa, kwa kuwa wengi wenu mtaketi hivi karibuni kwenye mabenchi yale yale.

Ilikuwa Bukavu, asubuhi, saa mbili. Oditwari ilikuwa imejaa. Tulikuwa tumeacha simu na mabegi mbele, chini ya ubao, na saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu siku ambazo hakuna aliyezikumbuka. Kwa hiyo katika chumba kizima mtu mwenye saa alikuwa mmoja tu, asistanti, nayo ilikuwa mkononi mwake. Saa 8:10 alianza kugawa maswali kutoka benchi la mbele. Huku akigawa alisema kwa sauti: «Mna saa mbili. Anzeni.» Wale wa mbele wakaanza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, na karatasi zilikuwa zimepigwa kopi katika mafungu mawili yaliyochanganyika, hivyo ugawaji ulikwenda polepole. Karatasi yangu ilinifikia saa 8:22. Dakika hizo sikuziona mwenyewe. Nilizijua baadaye, tulipokaa na asistanti na kuhesabu pamoja.

Maswali yalikuwa manne. La nne ndilo lililokuwa na alama nyingi: 6 juu ya 20. Lilitaka maelezo marefu juu ya ngeli za majina, nami nililiacha la mwisho kwa makusudi, kama mtu anayeacha kipande cha nyama mwisho wa sahani. Nilikuwa nimelianza tu wakati mwenzetu wa benchi la mbele aliponyoosha mkono na kuuliza kitu. Swali lake sikulisikia. Asistanti akatazama mkono wake akajibu, na kwetu nyuma jibu likafika likiwa limekatwa kichwa: «…kumi.»

Nilijua maana yake, au nilidhani najua: zimebaki dakika kumi. Nikafuta mpango wangu wote wa jibu. Badala ya kueleza nikaanza kuorodhesha. Mkono ukatetemeka, mistari ikapanda na kushuka. Nilipoona dakika kumi zimepita kwa hesabu ya moyo wangu, niliweka kalamu chini, nikaenda mbele, nikasaini, nikatoa kopi. Niliona wengine bado wanaandika nikasema rohoni kwamba wanaiba muda, na kwamba mimi ni mtu wa haki. Nilipofika mlangoni nikamwuliza mlinzi saa. Simu yake ilionyesha 10:01. Nikaketi kwenye ngazi kuwangoja wenzangu. Walitoka saa 10:10.

Alichojibu asistanti ni hiki: «Saa nne kasoro kumi.» Mwenzetu alikuwa amemwuliza ni saa ngapi, naye alimtajia saa. Ilikuwa 9:50. Muda uliobaki kwa hesabu yake ulikuwa dakika ishirini, si kumi. Mimi nilipokea mkia wa sentensi, na mkia wenyewe ulikuwa na sura ileile ya onyo la mwisho. Ukijumlisha dakika 12 nilizopoteza nikingoja karatasi na dakika 9 nilizoziacha mwenyewe, unapata 21 kati ya 120. Nilipata 8 juu ya 20. Siwezi kuapa kwamba dakika hizo zingenipa alama mbili zilizopungua. Lakini nilijua mistari niliyokuwa nayo kichwani, na nilijua kwamba haikufika kwenye karatasi.

Baada ya matokeo kubandikwa kwenye valvu nilikwenda kumwona. Nilijitayarisha kulalamika, lakini nilipoingia ofisini mwake niliishia kusema: «Asistanti, samahani, siku ile nilielewa kwamba zimebaki dakika kumi.» Hakukasirika. Alifikiri kidogo akasema: «Mimi sikusema zimebaki. Nilisema saa.» Kisha akanyamaza. «Lakini kweli, wewe nyuma ungejuaje?» Tulikaa pale, yeye na mimi, watu wawili wa lugha, tukitazama sentensi ya maneno manne iliyokuwa na kosa ambalo sarufi haikuliona. Kila mmoja wetu alikuwa na haki katika upande wake. Alama zangu hazikubadilika, na sikuwa nimeomba zibadilike.

Mwaka uliofuata wenzangu walinichagua kuwa sepe wa promosheni. Kabla ya mitihani ya semesta asistanti yule yule aliniita. Alisema: «Somo letu tunalifundisha kwa Kiswahili. Basi niandikie kwa Kiswahili maneno ambayo msimamizi atayasema, tangu mlango kufunguliwa mpaka kopi ya mwisho kupokelewa. Yasiwe mengi. Na neno lolote linaloweza kueleweka mara mbili uliondoe.» Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua juma zima.

Neno la kwanza lililonishinda ni «saa» lenyewe. Tunaposema «mtihani wa saa mbili», je, ni mtihani unaoanza saa mbili ya asubuhi, au ni mtihani utakaochukua muda wa saa mbili? Kwa Kifaransa, swali hili halitokei kirahisi, kwa kuwa saa mbili yetu ya asubuhi kwao ni nane. Lakini sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko, kwa hiyo mtihani wa kawaida wa asubuhi huanza saa mbili na huchukua saa mbili pia. Maneno yanalingana kabisa. Watu wetu wa mtaani wameliona tatizo hili zamani, ndiyo maana husema «masaa mawili» wanapotaka kusema muda. Walimu wetu hutusahihisha: hakuna «masaa», ni «saa», umoja na wingi ni sawa. Nami katika insha nitaandika kama walimu wanavyotaka. Lakini katika oditwari nilitambua kwamba yule mama anayeuza maandazi mbele ya lango, anaposema masaa mawili, hakosei tu. Anatenganisha vitu viwili ambavyo sarufi ya kitabuni imeviacha pamoja.

Ugumu wa pili ulitoka kwa mwenzetu aliyekulia Kinshasa. Kiswahili anakijua vizuri, amejifunza hapa, lakini saa anaihesabu kama inavyohesabiwa katika Kifaransa na katika Kilingala chake: nane ni nane. Ukimwambia «mwisho ni saa nne», kwanza anaona saa kumi ya alasiri, kisha anajirudi. Sekunde tano tu, lakini ni sekunde za hofu. Tena alikuwa na saa ya mkono ambayo hakuwa ameibadili tangu likizo, na saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja kamili. Yeye alicheka aliponisimulia hayo. Mimi nilichukua kalamu nikaandika.

Mwishowe nilifika kwenye kanuni mbili, nazo ndizo zilizobeba maneno mengine yote. Kanuni ya kwanza: muda hutajwa kwa dakika peke yake. Hatusemi saa mbili, hatusemi nusu saa, hatusemi robo. Tunasema dakika 120, dakika 30, dakika 10. Kanuni ya pili: wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza hautajwi kwa mdomo tu, bali huandikwa ubaoni kwa tarakimu, kama 8:15 na 10:15, na saa moja tu hutumika, ile ya msimamizi mkuu. Mtu akiuliza «ni saa ngapi?», msimamizi hajibu kwa saa. Anajibu kwa dakika zilizobaki, na anawajibu wote, si yule aliyeuliza peke yake. Kama kanuni hiyo ingekuwapo mwaka wangu wa kwanza, jibu lingekuwa «zimebaki dakika ishirini», na hata ungelikata kichwa, mkia wake ungekuwa «ishirini».

Baada ya hapo nikaja kwenye kuanza. Hapa asistanti ndiye aliyenifundisha. Mimi nilifikiri kosa lilikuwa kugawa polepole, nikapendekeza wagawaji watatu badala ya mmoja. Akasema hilo linasaidia, lakini haliondoi kosa, kwa kuwa hata ukigawa kwa dakika nne, wa mbele ana dakika nne ambazo wa nyuma hana. Kosa ni kuruhusu kuandika kuanze kwa kupokea karatasi. Karatasi zigawiwe zikiwa zimefunikwa, maswali chini, na mtu asiigeuze. Wakati huo watu wanaweza kuandika majina yao na namba zao kwenye kopi ya majibu, ili wasile muda wa maswali kwa kazi hiyo. Mgawaji akifika benchi la mwisho ananyoosha mkono. Msimamizi anauliza: «Kuna asiye na karatasi?» Anangoja. Ndipo anatazama saa yake, anaandika ubaoni dakika ya kuanza na dakika ya mwisho, na baada ya kuandika, si kabla, anasema: «Geuzeni, andikeni.» Kuandika ubaoni kwanza kuna maana yake. Ukisema «andikeni» kisha ukageuka kutafuta chaki, hesabu yako imeanza kudanganya.

Jambo la tatu lilikuwa mlango. Sote tunajua kwamba mtu haruhusiwi kutoka mapema, na wengi hudhani ni ukali tu, au ni heshima kwa mwalimu. Nami nilidhani hivyo. Lakini ukiulizia sababu utaona kwamba kutoka mapema na kuchelewa kuingia ni jambo moja lenye pande mbili. Tuseme aliyechelewa anakubaliwa kuingia mpaka dakika 30 baada ya kuanza. Na tuseme mwingine anaruhusiwa kutoka baada ya dakika 20. Basi kuna dakika kumi ambazo mtu anayeyajua maswali na mtu ambaye bado hajaingia wanaweza kukutana kwenye ngazi. Hata kama karatasi ya maswali imebaki ndani, maswali yenyewe yametoka kichwani mwake. Kwa hiyo dakika ya kufunga mlango kwa wanaoingia haiwezi kuwa baada ya dakika ya kuufungua kwa wanaotoka. Sisi tuliziweka zote mbili kwenye dakika ya 30: kwanza msimamizi anatangaza kwamba mlango umefungwa kwa wanaoingia, ndipo anatangaza kwamba aliyemaliza anaweza kutoka. Anayeingia dakika ya 29 ataanza hapo hapo na kumaliza na wengine, hakuongezewi kitu.

Kuna mlango wa pili ambao haukuwa dhahiri kwangu: ule wa mwisho. Tuliandika kwamba katika dakika 15 za mwisho mtu hatoki tena, hata kama amemaliza. Sababu yake ni nyepesi. Wakati huo ndio ambao wengi humaliza, na kila anayesimama hupita mbele ya mabenchi, husaini, huchukua begi lake chini ya ubao, hugonga mguu wa meza. Kwa anayeandika aya yake ya mwisho kelele hizo humwambia kwamba amechelewa, hata kama hajachelewa. Mimi mwenyewe siku ile nilimwongezea mtu fulani hofu nilipopita na kopi yangu. Tena kopi zikija moja moja huku wengine wanasimama kwa fujo, ndipo kopi hupotea.

Kuhusu onyo la mwisho tulibishana zaidi. Mimi nilitaka maonyo mengi: dakika 60, 30, 20, 15, 10, 5. Nilifikiri kwamba aliyeumwa na nyoka anajua kamba zote. Asistanti akaniambia nifanye jaribio: niketi niandike ukurasa mmoja, na ndugu yangu mdogo anikatize kila dakika tano kwa kunitajia muda. Nilijaribu nyumbani. Kila mara aliposema, kalamu yangu ilisimama, na sentensi niliyokuwa nayo ikaondoka. Ilinibidi kusoma upya mistari miwili au mitatu ili niipate. Nikakubali. Tukabakiza sauti mbili tu: dakika 30 na dakika 10. Dakika nyingine zilizobaki, 90 na 60, huandikwa ubaoni kimyakimya. Anayezihitaji ainue macho.

Na hizo sauti mbili hazifanani, kwa kuwa kazi zake si moja. Onyo la dakika 30 ni la kupanga: aliye na maswali mawili bado ana nafasi ya kugawa muda kati yake. Onyo la dakika 10 ni la kufunga. Ndiyo sababu halisemi «fanyeni haraka», maneno ambayo hayamfundishi mtu chochote isipokuwa kutetemeka. Tuliliandika hivi: «Zimebaki dakika kumi. Mnabaki mmeketi mpaka mwisho. Hakikisheni jina na namba viko kwenye kila karatasi, na karatasi zina namba za kurasa. Zimebaki dakika kumi.» Namba inatajwa mara mbili, mwanzoni na mwishoni, ili aliyekosa kichwa apate mkia, na aliyekosa mkia awe amepata kichwa. Baada yake hakuna maonyo mengine mpaka neno la kusimamisha: «Kalamu chini.» Hapo hakuna anayesimama. Kopi zinakusanywa benchi kwa benchi, zinahesabiwa, na hesabu inalinganishwa na saini kwenye orodha ya waliohudhuria. Saini na kopi zikilingana, mlango unafunguliwa. Zisipolingana, tunaketi wote mpaka kopi ipatikane, kwa maana tukishatawanyika hakuna atakayejua ilipotelea wapi.

Tuliyajaribu maneno hayo mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu Bukavu ni mwezi wa mvua. Mimi nilirudi makusudi kwenye benchi langu la nyuma, karibu na dirisha. Niliyaandika maneno, lakini siku hiyo nilikuwa mtahiniwa kama wengine, na kumbukumbu zangu za ngeli zilikuwa zinanikimbia kama za wengine.

Karatasi zilifika zikiwa zimefunikwa. Kungoja bila kugeuza kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani nilipokuwa nikiandika kanuni. Karatasi zetu ni nyembamba, na mwanga wa dirisha hupitisha vivuli vya herufi. Niliangalia pembeni. Benchi la mwisho lilipopata, msimamizi aliandika ubaoni: kuanza 8:15, mwisho 10:15. Kisha akasema tugeuze. Saa 8:45 akaandika 90, akatangaza kwamba mlango umefungwa kwa wanaoingia, na kwamba anayetaka anaweza kutoka. Hakuna aliyetoka.

Karibu saa tatu mvua ilianza. Ninyi mnaojua mabati ya oditwari yetu mnajua kwamba mvua ikishapiga hakuna sauti ya mtu inayosikika, hata ya mhubiri. Wingu likafunika, na saa 9:05 umeme ukakatika. Tuliokuwa dirishani tuliona kidogo. Wale wa katikati hawakuona hata mstari. Watu wakaanza kunung'unika. Msimamizi akagonga ubao mara tatu kwa kipande cha mti, akafunika karatasi ya maswali iliyokuwa mezani kwake kwa ishara ya mkono mpana, nasi tukafunika zetu. Jambo hili nalo tulikuwa tumeliandika: muda ukisimama, unasimama kwa wote, hata kwa yule wa dirishani anayeona. Kalamu zikalala. Nakiri kwamba nilitamani kuendelea, nilikuwa naona herufi zangu vizuri.

Umeme ulirudi saa 9:14. Msimamizi hakupiga kelele kushindana na mvua. Alikwenda ubaoni, akaandika 9:05 na 9:14, akaandika dakika 9. Halafu akapiga mstari juu ya 10:15 bila kuifuta, na chini yake akaandika 10:24. Nilipoona ile namba ya zamani imekatwa lakini bado inasomeka, nilielewa kwa nini asistanti alisisitiza tusifute. Ukifuta, mtu aliyeinamisha kichwa ataona baadaye namba mpya, na hatajua kama yeye ndiye aliyekosea kukumbuka. Ukikata, kila mtu anaona kwamba kulikuwa na mabadiliko, na anaona sababu yake. Kutoka hapo yote yalisogea kwa dakika tisa: 60 iliandikwa saa 9:24, na onyo la dakika 30 likawa saa 9:54, kwa mgongo wa ubao na kwa namba kubwa, kwa kuwa mvua ilikuwa bado inapiga. Aligonga mara tatu, tukainua vichwa, tukasoma, tukainama. Sikutetemeka.

Saa 10:09 mlango ulifungwa kwa wanaotoka. Baada ya dakika moja hivi, dada mmoja wa promosheni yetu alisimama. Ana mtoto mchanga, na mama yake alikuwa amemshika nje, chini ya baraza. Mtoto alikuwa analia, na tangu mvua ilipopungua tulimsikia sote. Alikuwa amemaliza. Kanuni yangu ilisema hatoki. Niliiona kanuni hiyo ikisimama mbele ya mama anayesikia mtoto wake, na niliona aibu kwamba sikuwa nimemfikiria. Msimamizi alimwendea, akazungumza naye kwa sauti ya chini, akachukua kopi yake, akaandika juu yake dakika ya kuipokea, akamsainisha pale pale alipokuwa, na akamsindikiza mpaka mlangoni kwa upande wa ukuta. Mabegi hakuyagusa, alikuja kulichukua lake baadaye. Wengi hawakuinua vichwa hata kidogo. Siku hiyo hiyo jioni niliongeza mstari katika karatasi yangu: mwenye haja ya kweli hutoka wakati wowote baada ya dakika 30, kopi hubaki, dakika huandikwa, na hupitia pembeni. Kanuni ilikusudiwa kulinda utulivu wa anayeandika, na utulivu ulilindwa.

Onyo la dakika kumi lilikuja saa 10:14. Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo tulilisikia lote, kichwa na mkia. Nilikuwa kwenye swali la nne. Nilikuwa na aya moja bado, na kwa mara ya kwanza nilijua hasa aya moja ni ndefu kiasi gani ukiipima kwa dakika. Niliiandika, nikaweka namba za kurasa, nikangoja. «Kalamu chini.» Tuliketi. Kopi zilihesabiwa, zikapungua moja. Kwa kitambo kidogo chumba kizima kilikuwa kimya kabisa, mpaka msimamizi alipokumbuka ile ya mama wa mtoto, iliyokuwa mezani kwake peke yake. Zikalingana. Tukatoka.

Nilifaulu somo hilo, lakini sidhani ni kwa sababu ya ubao. Nilikuwa nimesoma zaidi pia. Wala karatasi yangu haijatibu kila kitu. Mwenzetu mwenye macho dhaifu bado hawezi kusoma tarakimu kutoka benchi la tano, na inabidi msimamizi akumbuke kumwendea. Kungoja na karatasi iliyofunikwa bado ni majaribu. Na kuna wasimamizi wa masomo mengine ambao bado husema «mna saa mbili» huku wakigawa kutoka mbele, na sisi tulio nyuma bado tunapokea mikia.

Kwa hiyo ukiwa na msimamizi kama huyo, ndugu msomaji, na ukasikia namba bila neno lake, usiikimbilie kama nilivyofanya mimi. Nyoosha mkono. Usiulize ni saa ngapi, kwa sababu utapewa saa. Uliza zimebaki dakika ngapi, kwa sauti ambayo hata benchi la nyuma litaisikia.